Shajara ya mradi: ripoti ya kozi inageuzwa ukurasa wa potifolio

Hali ya kuanzia

Mradi wenyewe umekwisha na umeshasahihishwa. Ni kazi ya wanafunzi wanne wa kozi ya uchanganuzi wa data, waliotumia data ya umma iliyo kwenye hazina ya data ya UCI, yaani Chuo Kikuu cha California, Irvine, kwa jina la Bank Marketing. Ni kumbukumbu za simu za benki moja ya Ureno kuanzia Mei 2008 hadi Novemba 2010, zilizopigwa kuwashawishi wateja wafungue amana ya muda maalumu. Faili iliyotumika ni `bank-additional-full.csv`.

Kilichopo ni ripoti ya kurasa 23, daftari moja la Jupyter na slaidi 14 za wasilisho. Kinachotakiwa ni ukurasa mmoja wa kuonyesha waajiri, wenye sehemu nne: lengo, nafasi, njia na matokeo. Mwenye ukurasa ni mmoja wa wale wanne. Wenzake watatu wamekubali kazi ya pamoja itajwe, lakini bila majina yao.

Siku ya 1: kipi kinaruhusiwa kutoka

Kabla ya kuandika lolote tuliangalia mambo mawili. La kwanza ni kanuni za kozi. Kozi nyingi hurudia zoezi lilelile kila mwaka, na zinakataza kuweka majibu hadharani. Hapa swali la zoezi lilikuwa huru, kila kikundi kilijichagulia data, kwa hiyo msimbo unaweza kuonekana. Maelekezo ya mwalimu na jedwali lake la alama havikunakiliwa popote. Kozi ingekataza, bado ukurasa ungewezekana: maelezo na grafu bila msimbo, pamoja na sentensi moja inayosema kwa nini msimbo haupo.

La pili ni data. UCI imeitoa kwa leseni ya CC BY 4.0, inayoruhusu matumizi ya umma kwa sharti la kuwataja walioitoa. Mstari mmoja chini ya ukurasa unatosha. Faili ya data haikuwekwa kwenye hazina mpya ya msimbo; kuna kiungo cha kuipakua na jina kamili la faili, kwa sababu UCI ina faili zaidi ya moja zenye majina yanayofanana. Ukichukua `bank-full.csv` badala ya hii utapata mistari 45,211 badala ya 41,188, na hakuna tarakimu ya ukurasa itakayolingana na unachokiona.

Ripoti ya PDF haitawekwa kabisa. Ukurasa wa jalada una namba za usajili za wanafunzi wote wanne, na hata ukiondolewa, kurasa 23 hakuna mwajiri wa kuzisoma.

Siku ya 2: lengo

Ripoti ilifungua hivi: "Lengo la mradi huu ni kutumia mbinu za ujifunzaji wa mashine kuchanganua data ya masoko ya benki na kulinganisha utendaji wa modeli mbalimbali." Kwa mwalimu sentensi hii haina kosa, maana kozi ilikuwa inapima kama mwanafunzi anaweza kulinganisha modeli. Kwa mwajiri haisemi kitu. Haimtaji mtu mwenye tatizo wala uamuzi utakaobadilika.

Tulijiwekea kanuni moja: sentensi ya lengo lazima itaje nani anaamua, anaamua nini, na anaamua lini. Jaribio la kwanza lilitoka hivi: "Kuisaidia benki kujua mteja gani atakubali kufungua amana." Nani yupo, nini ipo kwa mbali, lini haipo. Jaribio la tatu ndilo lililobaki:

> Kabla mpiga simu hajainua simu, kumpangia orodha ya wateja wa kupigiwa, kuanzia mwenye dalili kubwa zaidi ya kukubali amana ya muda maalumu.

Neno "kabla" ndilo lililoharibu mipango. Data ina safu iitwayo `duration`, yaani muda wa simu ya mwisho kwa sekunde. Muda huo haujulikani mpaka simu ikatwe, na simu ikikatwa jibu la mteja limeshajulikana. Asiyetaka amana hukata mapema, anayetaka hubaki kuuliza riba na masharti. Modeli inayotumia `duration` haitabiri. Inasoma jibu kupitia dirishani. Maelezo ya data yenyewe yanaonya kwamba safu hiyo ibaki kwa kulinganisha tu, na iondolewe mtu akitaka modeli ya kutumika kweli. Ripoti haikuiondoa, na ndiyo iliyokuwa juu kabisa kwenye grafu yake ya safu zenye uzito.

Inafaa kueleza kwa nini kosa hili halikuonekana wakati wa kozi. Lengo la ripoti halikuwa na wakati ndani yake. Kama lengo ni "kuchanganua data", safu zote ni halali. Safu huanza kuwa halali au haramu pale tu unaposema uamuzi unafanyika saa ngapi.

Mfano mwingine wa hilohilo ni safu ya `campaign`, idadi ya mara mteja alizopigiwa katika kampeni hii, simu ya mwisho ikiwemo. Tungeandika "kabla ya kampeni kuanza", safu hiyo ingetoka pia, kwa kuwa siku hiyo hakuna aliyepigiwa. Tulivyoandika "kabla mpiga simu hajainua simu", inabaki: mpiga simu anajua hii ni mara ya tatu anampigia mtu huyu. Maneno mawili ya lengo yanaamua safu ibaki au itoke.

Lengo limefungwa kwa siku hii. Maneno yake hayatabadilishwa kuyafurahisha matokeo.

Siku ya 3: kurudia hesabu

Hatukutarajia kugusa msimbo, lakini haiwezekani kuandika matokeo ya lengo moja kwa hesabu ya lengo lingine. Kwanza tulihakikisha data inasomeka kama ilivyosomeka zamani:

```python
import pandas as pd
df = pd.read_csv("bank-additional-full.csv", sep=";")
print(df.shape)
print(df["y"].value_counts())
```

Majibu sahihi ni mistari 41,188 na safu 21, huku `no` zikiwa 36,548 na `yes` 4,640. Ukisahau `sep=";"` programu haitalalamika hapo. Itakupa safu moja ndefu, na kosa litajitokeza mstari wa nne ukitafuta `y` isiyokuwepo.

Hesabu ndogo hapa inasema mengi. Waliokataa ni asilimia 88.7 ya wote. Kwa hiyo programu isiyojua chochote, inayojibu "hapana" kwa kila mteja, ina usahihi wa asilimia 88.7. Ripoti ilikuwa imejivunia usahihi wa asilimia 91 katika muhtasari, hitimisho na slaidi ya mwisho. Tofauti yake na kutofanya kitu ni pointi mbili na kidogo, na sehemu ya hizo imetoka kwa `duration`.

Modeli ilirudiwa bila safu hiyo, kwa mgawanyo uleule wa data na namba ileile ya nasibu:

```python
from sklearn.linear_model import LogisticRegression
from sklearn.model_selection import train_test_split
from sklearn.pipeline import make_pipeline
from sklearn.preprocessing import StandardScaler

X = pd.get_dummies(df.drop(columns=["y", "duration"]))
y = (df["y"] == "yes").astype(int)
Xa, Xb, ya, yb = train_test_split(
    X, y, test_size=0.2, stratify=y, random_state=42)
m = make_pipeline(StandardScaler(),
                  LogisticRegression(max_iter=1000))
m.fit(Xa, ya)
```

`StandardScaler` imo ndani ya `make_pipeline` kwa makusudi. Daftari la zamani lilisawazisha data yote kwanza, kisha likaigawa, hivyo wastani wa seti ya majaribio ukapenyeza kwenye seti ya mafunzo. Kwa data kubwa kama hii athari yake ni ndogo sana, lakini mhandisi wa data atakayefungua msimbo huo ataiona ndani ya dakika moja.

Usahihi ulishuka kutoka asilimia 91 hadi karibu 90 tu. Ukitazama kipimo hicho peke yake utadhani hakuna kilichoharibika, na hapo ndipo wengi hupumua na kuendelea. Kipimo cha AUC kilisema kweli: kilishuka kutoka takriban 0.93 hadi takriban 0.79. Maana yake kwa lugha ya kawaida: chukua mteja mmoja aliyekubali na mmoja aliyekataa, bila kuchagua, AUC ni uwezekano kwamba modeli itampa aliyekubali alama ya juu zaidi. Kubahatisha ni 0.5.

Kuna kishawishi cha kubakiza 0.93 kwa sababu inapendeza. Mwajiri anayeijua data hii, na inajulikana sana kwa kuwa hutumika kufundishia, akiona tarakimu hiyo anajua mara moja kwamba `duration` imo. Baada ya hapo hasomi sehemu nyingine kwa imani.

Siku ya 4: nafasi

Hii ndiyo sehemu fupi kuliko zote kwenye ukurasa, na ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote. Ripoti nzima imeandikwa kwa "tu-": tulisafisha, tulijenga, tulilinganisha. Mwajiri anaajiri mtu mmoja.

Tulianza na ushahidi kabla ya kumbukumbu. Katika folda ya hazina ya zamani:

```
git shortlog -sn --no-merges HEAD
```

Amri hii huorodhesha watu na idadi ya mabadiliko waliyohifadhi. Orodha ilitoa majina matano kwa watu wanne, kwa kuwa mmoja alitumia kompyuta mbili ambazo git iliwekewa majina tofauti. Faili ndogo ya `.mailmap` huyaunganisha. Ila idadi hiyo isichukuliwe kuwa kipimo cha kazi. Aliyehifadhi mara 40 huenda alikuwa anarekebisha tahajia, na aliyehifadhi mara 3 huenda aliandika modeli nzima kwenye daftari la pamoja, mwenzake akaipakia kwa akaunti yake. Jambo la pili lilitokea hapa: msimbo wa ulinganisho wa modeli uko chini ya jina la mtu ambaye hakuuandika.

Kwa hiyo tulichora jedwali dogo, kazi upande mmoja na watu wanne upande wa pili, likatumwa kwa wote wanne kabla ya sentensi yoyote kuandikwa. Kazi zilikuwa saba: kuchagua data, kusafisha, kuchora grafu za utangulizi, kujenga modeli ya kwanza, kulinganisha modeli, kuandika ripoti, kuwasilisha. Kila seli ilijazwa neno moja kati ya matatu: *alifanya*, *alikagua*, *hakuwepo*. Neno "alisaidia" lilikatazwa, kwa sababu linabeba kila kitu na halithibitiki. Masahihisho mawili yalirudi, yote kuhusu usafishaji, uliokuwa umeandikwa kwa mtu mmoja wakati ulifanywa na wawili.

Rasimu ya kwanza ya sehemu hii ilisema: "Nilishiriki katika kujenga modeli ya kutabiri tabia ya wateja." Iliyobaki ni hii:

> Mradi wa watu wanne, wiki sita. Wakati wa kozi nilisafisha data pamoja na mwenzangu mmoja na kuandika peke yangu modeli ya kwanza ya `LogisticRegression`. Ulinganisho na modeli nyingine ulifanywa na mwenzangu. Baada ya kozi, peke yangu, niliondoa safu ya muda wa simu, nikarudia hesabu na kubadilisha kipimo cha mafanikio.

Utengano wa "wakati wa kozi" na "baada ya kozi" haukuwa kwenye mpango. Ulilazimika baada ya kazi ya siku ya 3, kwa sababu matokeo yatakayoonekana si yale ya kikundi. Bila kuutenga, wenzake watatu wangeonekana wamesaini hesabu wasiyoijua, na mwenye ukurasa angeficha kazi ambayo ni yake peke yake. Kwa mwajiri, sentensi ya mwisho ndiyo yenye uzito: inaonyesha mtu anayeweza kurudi kwenye kazi iliyokwisha na kukuta kosa lake.

Kila kitenzi kilipimwa kwa maswali mawili: faili ipi inaonyesha, na ukiulizwa "kwa nini ulifanya hivyo na si vile" utajibu nini. Kitenzi "nilibuni" kilianguka kwenye swali la pili, kikafutwa.

Siku ya 5: njia

Rasimu ya kwanza ilikuwa orodha ya maktaba: pandas, scikit-learn, matplotlib. Orodha hiyo inafaa kuwa mstari mmoja mdogo pembeni. Njia inayosomeka ni ile inayotaja uamuzi, sababu yake, na nini kingetokea ungeamua vingine. Tulichagua maamuzi matatu tu, ingawa daftari lina zaidi ya ishirini.

La kwanza ni kuondoa `duration`, ambalo limeshaelezwa.

La pili ni safu ya `pdays`, siku zilizopita tangu mteja apigiwe katika kampeni iliyotangulia. Kwa maelezo ya data, wateja ambao hawakuwahi kupigiwa wameandikiwa 999. Thamani hiyo iko kwenye mistari 39,673 kati ya 41,188. Ukiiacha safu kama namba ya kawaida, wastani wake unakuwa 962, kana kwamba mteja wa kawaida alipigiwa miaka miwili na nusu iliyopita, wakati ukweli ni kwamba hakupigiwa kamwe. Ripoti ilikuwa imeuchapa wastani huo kwenye jedwali la utangulizi bila maelezo. Sasa safu imegeuzwa ndiyo au hapana: aliwahi kupigiwa au la. Hesabu ilirudiwa na AUC ikabaki palepale kwa tarakimu mbili, na ukurasa unalisema hilo. Uamuzi unaweza kuwa sahihi hata kama haukuongeza kitu. Kudai umeongeza ndipo kosa linapoanza.

La tatu ni thamani ya `unknown`, iliyomo kwenye safu kadhaa za sifa za mteja. Kwenye safu ya `default`, inayouliza kama mteja ana mkopo ulioshindikana kulipwa, iko mara 8,597, karibu mtu mmoja kati ya watano. Kuifuta mistari hiyo kungeondoa sehemu kubwa ya data. Kuijaza kwa jibu lililo la kawaida zaidi kungemaanisha kuwaandikia watu hao wote kwamba hawana deni baya, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha. Imeachwa kama kundi linalojitegemea.

Maneno ya sehemu hii ni 140. Rasimu ya kwanza ilikuwa na 410.

Siku ya 6: matokeo

Tulikuwa na tarakimu tatu za kuchagua: usahihi, AUC, na idadi ya waliokubali ambao modeli iliwakamata. Ya tatu ilikuwa ya aibu. Kwa kizingiti cha kawaida cha 0.5, modeli isiyo na `duration` inamkamata karibu mmoja tu kati ya kila watano waliokubali.

Tukarudi kwenye lengo. Lengo halisemi modeli iseme ndiyo au hapana kwa kila mteja. Linasema ipange orodha. Kizingiti cha 0.5 hakina kazi hapa. Swali sahihi ni hili: benki ikiwa na muda wa kuwapigia sehemu moja tu ya tano ya wateja, na ikaanzia juu ya orodha, itawapata wangapi kati ya wale ambao wangekubali?

```python
p = m.predict_proba(Xb)[:, 1]
juu = p.argsort()[::-1][:1648]
print(yb.to_numpy()[juu].sum() / yb.sum())
```

Seti ya majaribio ina wateja 8,238, na 928 kati yao walikubali. Sehemu ya tano ni wateja 1,648. Kwa kubahatisha wangepatikana kama 186. Kwa kufuata orodha wanapatikana karibu sita katika kila kumi, yaani takriban 560. Hii ndiyo tarakimu inayofungua sehemu ya matokeo, na meneja wa mauzo anaielewa bila kufafanuliwa AUC.

Grafu ni moja tu: mlalo ni asilimia ya wateja waliopigiwa, wima ni asilimia ya waliokubali waliopatikana, na mstari wa kubahatisha umechorwa kwa vitone. Slaidi zilikuwa na grafu tisa. Nane zimebaki kwenye daftari. Herufi za mhimili zilikuwa za ukubwa wa 8 na hazikusomeka kwenye simu ya mkononi. Sasa ni 14, na grafu imehifadhiwa upya kwa upana ambao hauhitaji kuvutwa pembeni.

Chini ya grafu kuna jedwali la mistari mitatu:

| Modeli | Usahihi | AUC |
|---|---|---|
| Kusema "hapana" kwa wote | 88.7% | 0.50 |
| Yenye muda wa simu (ya kulinganisha tu) | 91% | 0.93 |
| Isiyo na muda wa simu | 90% | 0.79 |

Mstari wa katikati ulijadiliwa sana. Hoja ya kuutoa: mtu anayepitia haraka ataona 0.93 na kudhani ndiyo tokeo. Hoja ya kuuacha: bila huo, msomaji hajui kuondoa safu kuligharimu nini, na sentensi ya nafasi inakosa ushahidi. Umeachwa, kwa rangi ya kijivu.

Tulifuta sentensi iliyosema modeli "inaiokolea benki gharama". Hakuna benki iliyoitumia. Mahali pake pameandikwa: "Modeli haijatumika kazini, tarakimu zote zinatokana na data ya zamani." Alama ya kozi nayo haikuwekwa kwenye matokeo, kwani inapima ripoti ambayo ukurasa huu umeirekebisha.

Siku ya 7: kusafisha msimbo na viungo

Kazi ya mikono, haina mengi. Matokeo yaliyobaki kwenye daftari yalionyesha njia ya folda yenye jina kamili la mwanafunzi, na seli moja ilikuwa na orodha ya namba za usajili. Kuzifuta kwenye faili hakutoshi, maana git hukumbuka matoleo ya nyuma. Tulianzisha hazina mpya yenye faili safi tu, na ya zamani ikabaki ya faragha. Tahadhari moja: hazina mpya inafuta pia historia ya nani alifanya nini, hivyo orodha ya siku ya 4 ihifadhiwe kabla.

```
jupyter nbconvert --clear-output --inplace mradi.ipynb
```

Baada ya kusafisha, daftari liliendeshwa upya kutoka juu hadi chini kwenye folda tupu. Lilikwama seli ya sita: kigezo kilichotumika hapo kilikuwa kimeundwa kwenye seli iliyofutwa miezi iliyopita, kikabaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta ya mwenyewe. Ni kosa la kawaida la madaftari, na halionekani mpaka uendeshe upya kila kitu.

Viungo vyote vilifunguliwa kwenye dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia akaunti yoyote. Kiungo cha slaidi kilidai ruhusa ya mwenye faili. Kimeondolewa; hakikuwa na kazi.

Siku ya 8: msomaji wa kwanza

Ukurasa ulipewa watu wawili. Wa kwanza hafanyi kazi ya data. Alipewa dakika moja, ukurasa ukafungwa, akaulizwa mambo manne: kazi ilikuwa ya nini, mwenye ukurasa alifanya nini, aliamua nini, kilitokea nini. Matatu aliyajibu. La pili alijibu "alijenga modeli", akiwa hajaona kilichofanywa baada ya kozi. Sentensi hiyo ilikuwa mwisho wa aya. Sasa imepewa mstari wake.

Wa pili ni mchambuzi wa data, naye aliuliza swali moja lililofungua tena sehemu ya matokeo: "Safu za uchumi zimo?" Zimo. Ni tano, mojawapo ikiwa `euribor3m`, riba ya benki kwa benki ya miezi mitatu, ambayo kati ya 2008 na 2010 ilianguka kutoka karibu asilimia 5 hadi chini ya 1. Safu hizi zinafanana kwa wateja wote wanaopigiwa siku moja. Haziwezi kusaidia kuchagua kati ya Mteja wa Kwanza na Mteja wa Pili asubuhi ya leo. Zinachosaidia ni kutofautisha kipindi ambacho watu walikubali sana na kipindi walichokataa. Kwa kuwa seti ya majaribio ilichanganya miaka yote, sehemu ya ile "sita katika kila kumi" inatokana na kutambua vipindi, wala si watu.

Tuliangalia. Faili haina safu ya mwaka, lakini mistari yake imepangwa kwa tarehe. Katika sehemu ya tano ya mwisho ya faili, waliokubali ni zaidi ya mara mbili ya kiwango cha asilimia 11.3 cha data nzima. Swali lake lina msingi.

Ukurasa umeongezewa sentensi hii, mara baada ya tarakimu kuu na kwa herufi za ukubwa uleule:

> Mipaka: safu tano za uchumi ni zilezile kwa wateja wote wa siku moja, kwa hiyo sehemu ya uwezo huu ni ya kutofautisha vipindi, si wateja wa orodha ya siku moja.

Yaliyobaki

Kurudia hesabu bila safu hizo tano, huku modeli ikifunzwa kwa mistari ya mwanzo na kupimwa kwa ya mwisho. Tarakimu itakayotoka ndiyo itakayokaa juu ya sehemu ya matokeo, na ya sasa itashuka kwenye jedwali kama mstari wa nne. Lengo halibadiliki. Sentensi ya nafasi itaongezewa maneno "nikapima kwa mpangilio wa tarehe", baada ya kazi hiyo kufanyika.